Ofa mbili mezani: Tabora mjini au nyumba ya kampuni Urambo?

Mhariri na wasomaji wenzangu, habari zenu. Naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa, siku niliyopewa kujibu.

Mimi ni mtunza ghala, naishi Ipuli hapa Tabora na mke wangu na watoto wawili. Nimepata ofa mbili. Ya kwanza ni ya hapa mjini: mshahara wa msingi 800,000, posho ya nyumba 150,000 na ya usafiri 50,000, jumla milioni moja. Ya pili ni ya kampuni ya tumbaku Urambo: msingi 850,000, nyumba ndani ya kambi yao, pikipiki ya kuzungukia vyama vya msingi, na bima ya afya ya familia. Afisa utumishi wao alinipigia hesabu ya "thamani ya pakeji": nyumba 150,000, pikipiki 80,000, bima 50,000, ikafika 1,130,000. Kwa hesabu hiyo Urambo inashinda kwa 130,000.

Nilikaa na shemeji yangu ambaye ni mhasibu, tukaanza upya. Alisema tuache kuuliza kitu kina thamani gani, tuulize kitaniondolea matumizi gani. Na makato yatangulie.

Ofa ya mjini: NSSF asilimia 10 ya milioni moja ni 100,000. Inabaki 900,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya TRA, kipato kati ya 760,000 na milioni moja kinatozwa 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, yaani 103,000. Mkononi 797,000. Posho zile mbili nilidhani zitakuja nzima, kumbe zinakatwa kama mshahara. Nikitoa kodi ya nyumba 120,000, nauli 60,000 na matibabu 40,000 (wastani wa risiti zetu za mwaka jana, maana hatuna bima), nabaki na 577,000 ya chakula, ada na akiba.

Urambo, NSSF ni 85,000. Hapo shemeji alinishtua: nyumba ya mwajiri nayo huongezwa kwenye kipato kinachotozwa kodi, ingawa sishiki hata shilingi yake. Tuliiweka kwa pango la kule, 80,000, si 150,000 ya afisa utumishi. Kodi ikawa 89,250, mkononi 675,750. Kodi ya nyumba, nauli na matibabu havitoki tena mfukoni, kwa hiyo hiyo ndiyo inayobaki.

Ningeishia hapo ningefunga mizigo kesho. Lakini mke wangu ana duka la vitenge sokoni hapa, linaloingiza faida ya kama 150,000 kwa mwezi. Tukihama wote, duka linafungwa na tunashuka hadi 525,750. Nikienda peke yangu, nyumba ya Ipuli tunaendelea kuilipia, kwa hiyo ile ya kampuni hainiokolei kitu. Nikiongeza 110,000 ya kula kwangu kule na 30,000 ya nauli za kuja kuwaona, inabaki 415,750. Nyumba ileile, na thamani yake kwangu inategemea kama familia imo ndani yake au haimo.

Bonasi ya msimu nimeiandika sifuri. Barua yao inasema itatolewa "kulingana na msimu", na mimi siwezi kulipa ada kwa neno hilo.

Basi mjini inaongoza, ila mkataba wake ni wa mwaka mmoja, na wa Urambo ni wa kudumu. Nikimaliza mwaka nikakaa miezi miwili bila kazi, 797,000 ya miezi 12 inagawanywa kwa miezi 14, na wastani unashuka hadi kama 683,000. Ile 577,000 inakuwa kama 463,000, na Urambo pamoja na familia inapita. Mwezi mmoja tu bila kazi, zinakaribiana sana. Kwa hiyo uamuzi wangu wote umesimama juu ya miezi niliyoikadiria mwenyewe.

Maswali yangu ni haya. Waliowahi kufanya kazi za mkataba wa mwaka hapa Tabora, mlikaa muda gani kabla ya kupata nyingine, au mliongezewa? Na je, ni sawa kuitoza Urambo faida yote ya duka, au mke wangu anaweza kuanzisha biashara kule na kwa muda gani ikasimama? Yeye anasema yuko tayari kuhama, lakini ananiuliza kama nimewaomba waandike nyumba na bima kwenye mkataba wenyewe, kwa sababu kwa sasa vimo kwenye mazungumzo ya simu tu. Sijaomba bado. Nifanye hivyo kabla ya kusaini kwa namna gani nisionekane mtu wa shida?

Msomaji, Ipuli, Tabora