Salamu za Krismasi kutoka Mnara wa London

Ndugu zangu, Bwana asifiwe. Krismasi njema kwenu nyote, mlio nyumbani na mlio safarini.

Majilio haya nimekuwa nikiirudia barua moja iliyoandikwa tarehe 22 Desemba 1534 ndani ya Mnara wa London. Mwandishi wake ni Yohane Fisher, Askofu wa Rochester, mzee aliyekuwa amekaa gerezani tangu Aprili. Alimwandikia Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, kwamba hana shati wala mavazi ya kumsitiri ila matambara yaliyochanika, na kwamba chakula anachopata ni haba na tumbo lake la uzee halikiwezi. Akaomba pia padri wa kumwungamisha kabla ya sikukuu, na vitabu vya sala vya kumfariji. Kisha, mzee huyo anayetetemeka kwa baridi akamtakia aliyemfunga Krismasi yenye furaha, kama moyo wake upendavyo. Hapo kwenye salamu huwa natua kwanza kabla ya kuendelea.

Alifikaje pale? Mfalme Henri wa Nane alitaka ndoa yake na Katarina wa Aragon itanguliwe. Katarina alikuwa mjane wa kaka wa mfalme, na mtoto pekee wa ndoa hiyo aliyepona utotoni alikuwa binti, Maria. Mfalme akashika maneno ya Mambo ya Walawi yanayokataza mtu kumtwaa mke wa ndugu yake, akasema Papa wa zamani alikosea kuwapa ruhusa. Papa Klementi wa Saba hakukubali, na mkono wake haukuwa huru: mwaka 1527 majeshi ya Kaisari Karoli wa Tano yaliiteka na kuipora Roma, na Karoli alikuwa mpwa wa Katarina.

Basi mfalme akaanza na makasisi wake mwenyewe. Mapema mwaka 1531 aliwashtaki kwamba wamevunja sheria ya nchi kwa kutii mamlaka ya mjumbe wa Papa. Wa jimbo la Kantaberi wakakubali kulipa pauni 100,000 ili wasamehewe. Fedha peke yake haikumtosha; alitaka wamtambue kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Maaskofu wakahangaika, na mwisho wakachomeka maneno machache: mkuu, "kadiri sheria ya Kristo inavyoruhusu." Fisher ndiye anayetajwa kuyapigania. Askofu Mkuu Warham alipowauliza kama wanakubali, kukawa kimya. Akasema anayenyamaza huhesabiwa amekubali. Sauti moja ikajibu: basi sote tumenyamaza.

Maneno hayo machache yalikuwa mlango ulioachwa wazi kwa dhamiri ya mtu. Angeweza kukitamka cheo hicho cha mfalme na bado akabaki na Roma moyoni. Lakini mlango ule ulifungwa hatua kwa hatua. Mwaka 1532 makasisi waliahidi kutotunga sheria yoyote ya Kanisa bila idhini ya mfalme. Mwaka uliofuata Bunge likakataza kesi za ndoa kukatiwa rufaa Roma, na Askofu Mkuu mpya, Cranmer, akaitangaza ndoa ya Katarina kuwa batili. Wakati huo mfalme alikwisha kumwoa Ana Boleyn, naye alikuwa mjamzito. Novemba 1534 ikaja Sheria ya Ukuu: mfalme ndiye mkuu pekee duniani wa Kanisa la Uingereza. Yale maneno ya kadiri sheria ya Kristo inavyoruhusu hayakuwemo tena.

Kwa hiyo barua ya Fisher ni ya Krismasi ya kwanza chini ya sheria hiyo. Sheria nyingine, iliyoanza kutumika Februari 1535, ilifanya kumnyima mfalme cheo chake kuwa uhaini. Fisher alihukumiwa kwa kusema kwamba mfalme si mkuu wa Kanisa, akakatwa kichwa tarehe 22 Juni. Thomas More, aliyekuwa Chansela, alifuata Julai.

Sisi Waanglikana tuna deni la kuisoma historia hii bila kuipaka sukari, kwa maana Kanisa lililotuletea Injili lilipitia njia hiyo. Binti wa Ana, Malkia Elizabeti, aliacha neno "mkuu", yaani kichwa, mwaka 1559 akajiita mtawala wa juu wa Kanisa, kwa kuwa wengi waliona kichwa cha Kanisa ni Kristo. Cheo hicho wafalme wa Uingereza wanacho hadi leo, ila ni kwa Kanisa la Uingereza tu. Kwetu Dodoma na Nairobi hakina nguvu, tuna maaskofu wakuu wetu.

Usiku wa mkesha, tutakapoimba, nitamwombea mzee yule na kila aliye kifungoni kwa ajili ya neno alilokataa kulitamka. Ukiwa na shati la ziada, mpelekee mfungwa wa gereza lililo karibu nawe.

Krismasi njema, na Mungu awabariki nyote.