Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: mto Mirongo, njia za kukimbilia na makaratasi yetu

Wanachama wenzangu wa hapa Mabatini, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mahesabu atasoma mweka hazina, mi nina la mto tu maana ndo limetusumbua mwaka mzima.

TMA wakitoa taarifa wanaweka rangi, njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ila taarifa yenyewe inataja mkoa na siku, haikwambii saa ngapi maji yataingia kwako. Na Mirongo ni mto mfupi, vilima vyetu ni mawe matupu, maji hayazami yanateremka yote kwa mpigo, kwa hiyo mvua inaweza kupiga huko juu sie huku chini hata hatujalowa na mto ushajaa. Ndo maana tukapaka mistari kwenye nguzo ya daraja na vijana wa kule juu wakiona maji yanapanda wanapiga simu, sio meseji ya grupu jamani, usiku watu wamezima data. Anayepigiwa anapuliza filimbi. Ukiona maji yamegeuka tope ghafla na yanaleta matawi na machupa, toka, usisubiri mstari.

Njia sasa. Mwanzoni wote tulikubaliana kukimbilia shuleni kwa sababu ni juu, ile mvua ya usiku wakati wa masika waliokaa ng'ambo wakafika darajani wakakuta maji yanapita juu yake. Yakifika magotini na yanakimbia yanamwangusha mtu mzima. Kwa hiyo kila upande una sehemu yake, na njia yako isivuke mto wala mtaro hata mmoja, ipite mchana uione.

Usiku ule kuna mama alirudi ndani kutafuta hati ya kiwanja, ilikuwa sandukuni chini ya kitanda, yaani maji yanaanzia hapohapo. Weka hati, vyeti vya kuzaliwa, kadi za NIDA na za kliniki kwenye mfuko wa nailoni, kamua hewa, funga, tia kwenye mfuko wa pili, halafu begi dogo lining'inie juu karibu na mlango. Piga picha zote umtumie ndugu anayekaa mbali. Cheti orijino usikipige laminesheni, maji yakipenya pembeni karatasi haikauki na huwezi kuitoa bila kuichana.

Zikilowa usizibandue zikiwa zimeshikana wala usizianike juani. Suuza tope taratibu kwa maji safi, tandaza kivulini penye upepo. Zikiwa nyingi zitie kwenye mfuko zikae friza, barafu inazuia ukungu, ukipata nafasi unatoa chache chache unakausha. Ukungu unaanza ndani ya siku mbili hivi, msichelewe. Friza za samaki hapa kwetu zipo, muuzaji mmoja kashakubali tutumie yake, anachotaka mifuko ifungwe vizuri isije ikanuka sangara.