Malalamiko kuhusu ripoti yenu ya uthamini wa ghala la Mikindani

Meneja wa Mikopo,
Mtwara.
19 Januari 2026

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: HASARA ILIYOTOKANA NA RIPOTI YENU YA TAREHE 14 MACHI 2023

Ndugu Mkurugenzi,

Barua yenu ya mwezi uliopita tumeipokea. Mmetujibu kwa mstari mmoja: aliyewalipa ada ni mkopaji, hivyo na benki hamna mkataba. Ni kweli hatuna mkataba, na hatujawahi kudai kuwa tunao.

Tunacholalamikia ni hiki. Ukurasa wa kwanza wa ripoti yenu unaitaja benki yetu kwa jina, na unasema uthamini umefanywa kwa ajili ya rehani. Kanuni yetu ni kukopesha isizidi thuluthi mbili ya thamani ya soko. Nyinyi mliandika milioni 420, tukatoa milioni 280. Mlijua nani atasoma tarakimu ile na ataifanyia nini.

Mkopaji aliposhindwa kulipa, dalali wetu alikwenda ghalani na kukuta alama ya X nyekundu ukutani. Tulimleta mpimaji, akatafuta bikoni za mipaka ya kiwanja. Karibu robo ya ghala, upande wa mbele wenye mlango wa kupakilia korosho, imetoka nje ya kiwanja na kuingia hifadhi ya barabara kuu ya Lindi, ambayo ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. X nyekundu maana yake mnaijua: kubomoa bila fidia. Majirani wanasema alama hiyo ilikuwapo tangu kabla ya ripoti yenu. Picha zenu zote nne zimepigwa kutoka uani. Ukubwa wa jengo mmeunakili kutoka kwenye mchoro wa mwenye mali, na hakuna mahali mlipoandika kwamba bikoni zilitafutwa. Mthamini wa pili, kwa bei za Machi 2023 zilezile, amepata milioni 310.

Mtasema hakuna ukuta uliotuangukia wala mali yetu iliyoharibika, tumepoteza fedha tu. Ndiyo, ni hasara ya fedha tupu, na mahakama huwa nzito kuifidia pasipo mkataba, kwa sababu maneno husambaa na mtu anaweza kujikuta akidaiwa na watu asiowajua. Lakini katika shauri la Hedley Byrne dhidi ya Heller, lililoamuliwa 1963, mahakama ya juu ya Uingereza ilikubali kwamba mtu mwenye utaalamu akibeba jukumu la kumpa taarifa mtu fulani, naye akaitegemea kwa haki, uzembe wake unaweza kumgharimu hata bila mkataba. Wadai walishindwa siku ile kwa sababu benki iliyotoa taarifa ilikuwa imetamka wazi kwamba haibebi dhamana. Nyinyi mmeandika kwamba hamwajibiki kwa "mtu mwingine yeyote". Sisi si mtu mwingine, jina letu liko juu ya sentensi hiyo. Uamuzi huo ni wa baada ya 1920, mwaka ambao sheria ya Kiingereza ilipokelewa nchini kwetu, kwa hiyo hauwafungi majaji wetu. Huwashawishi, na mwanasheria wetu ameridhika nao.

Sasa kiasi. Deni lilibaki milioni 265. Mnada wa kwanza haukupata mnunuzi. Wa pili ulituachia milioni 135 baada ya gharama. Tumepoteza 130. Hatuwadai zote. Shauri la SAAMCO la 1996, nalo la Uingereza, liliwahusu wathamini hasa, na Jaji Hoffmann alitoa mfano wa mpanda mlima anayeambiwa kwa uzembe na daktari kwamba goti lake ni zima, kisha akaumia huko mlimani kwa jambo lisilohusu goti. Daktari hawajibiki kwa hilo. Vivyo hivyo, kushuka kwa soko la maghala hapa Mtwara hakukuletwa na ripoti yenu. Mnawajibika kwa pengo kati ya mlichoandika na kilichokuwa kweli siku ile, yaani 420 kutoa 310. Tunadai milioni 110. Ile 20 ni yetu, tumeimeza.

Najua pia mtamtaja afisa wetu aliyefika pale akatazama mizani na kuondoka. Alifika, na nimeshasema naye. Mahakama ikiona sisi nasi tulizembea inaweza kutupunguzia, lakini kutafuta bikoni ilikuwa kazi yenu, siyo yake.

Tunaomba mtuletee daftari la uwandani la mthamini wenu pamoja na mauzo mliyolinganisha nayo, na mliarifu shirika la bima linalobeba dhima yenu ya kitaaluma. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na hatutaki kuifikia tarehe 14 Machi tukiwa bado tunaandikiana barua. Tusipopata jibu ndani ya siku 21, tutafungua shauri na kupeleka nakala ya ripoti kwa Bodi ya Usajili wa Wathamini.

Wenu,
Meneja wa Mikopo

Nakala: Mwanasheria wa Benki