Barua kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda

Wanangu,

Juzi mwenzenu aligongwa na daladala pale njia panda, akalala kwenye lami damu ikimtoka, nanyi mkamzunguka kama watazamaji wa mpira. Simu zilizoinuliwa kumrekodi zilikuwa nyingi. Hakuna aliyepiga hata moja kuomba msaada. Limeniuma sana.

Siwaiti wakatili, kwa sababu najua kisa kingine. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, waliwaketisha wanafunzi wa chuo, kila mmoja chumba chake, wakiambiwa wanazungumza na wenzao kwa maikrofoni. Ghafla sauti ya mmoja, ambayo kumbe ilikuwa imerekodiwa, ikaanza kubabaika: kifafa kimempata, anaomba msaada. Kati ya waliodhani kwamba wao tu ndio wanaomsikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Kati ya waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Na waliobaki vyumbani hawakuwa wametulia. Walikutwa mikono ikitetemeka na viganja vimelowa jasho, wakiuliza kama yule mtu yu salama. Huruma walikuwa nayo, ila kila mmoja angeweza kujiambia kuna mwingine ameshakwenda.

Nyinyi pale njia panda mlikuwa na tatizo la pili: mlikuwa mnaonana. Juma anamtazama Hamisi, anamwona kimya, anajiambia labda hali si mbaya. Hamisi naye ananyamaza kwa sababu Juma amenyamaza. Wakati huo damu inamwagika!

Kwa hiyo acheni kupiga kelele za "jamani, msaidieni". Mwito wa namna hiyo kila mtu anaupokea kwa niaba ya jirani yake. Mtazame mtu mmoja machoni, umwonyeshe kwa kidole: "Wewe wa fulana nyekundu, piga 112, kisha uniambie wamejibu nini." "Wewe mwenye kofia, simamisha magari upande ule." Wewe mwenyewe kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie. Msimkurupushe majeruhi kumbeba kama hakuna hatari nyingine inayomkabili.

Wala msidhani umati ni laana. Watafiti walipopitia picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 huko Amsterdam, Lancaster na Cape Town, waliona katika tisa kati ya kila kumi kuna mpita njia aliyeingilia kati, na watu walipozidi, uwezekano huo ulizidi. Anayehitajika ni wa kwanza kusogea.

Na sisi wakubwa tuna lawama yetu. Kijana akimfikisha majeruhi hospitali, anadaiwa PF3 na kuhojiwa kana kwamba yeye ndiye aliyegonga. Nani atarudia? Hilo nitalipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Jumapili jioni nitakuja kijiweni. Nataka tuandikiane majina: nani anapiga simu, nani anazuia magari, nani anabaki na majeruhi.

Mzee wenu