Kwa nini kufasiri Kiswahili kwenda Kiingereza ni shilingi 75 kwa neno, si 60

Lalamiko hili hurudi kila mwezi kutoka kwa mawakala wa tafsiri: "Mbona Kiingereza kwenda Kiswahili 60, upande mwingine 75? Lugha si ni zile zile?" Ni zile zile, ila maneno yake hayalingani ukubwa.

Chukua sentensi ya kawaida kwenye maelezo ya shahidi: "Alimwambia amsubiri." Maneno mawili. Kwa Kiingereza yanakuwa saba, kwa sababu mtenda, mtendwa na kitenzi, ambavyo sisi tunavibana pamoja, kule kila kimoja husimama peke yake. Maelezo ya maneno 1,000 ya Kiswahili mara nyingi hutoa kama 1,250 ya Kiingereza. Kwa 75 unalipa 75,000. Zidisha hayo 1,250 kwa 60, utapata 75,000 ile ile. Hakuna aliyeongezewa bei.

Sasa irudie ile sentensi. Nani mwanamume, nani mwanamke? Kiswahili hakisemi, Kiingereza kinadai kujua. Tena anayesubiriwa anaweza kuwa mtu wa tatu kabisa. Jibu huwa liko ukurasa wa kwanza, penye jina, jinsia na umri wa shahidi, na hapo ndipo mteja anapobana matumizi: maelezo yana kurasa 12, anatuma ya 4 na ya 5 tu. Kurasa mbili hizo, kama maneno 600, ni 45,000. Mfasiri asiyeuliza atabahatisha mwanamume kote. Mke wa marehemu anageuka mume, na wakili wa upande wa pili ataliona hilo kabla ya hakimu. Kila kiwakilishi kinasahihishwa, na kama kiapo cha mfasiri kilishasainiwa, mnarudi kwa kamishna wa viapo. Tuma kurasa zote 12. Kusoma silipishi, nalipisha ninachofasiri.

Jozi yangu ni moja, Kiswahili na Kiingereza, pande zote mbili, kwa maandishi tu. Ukalimani sifanyi. Nyanja ni mbili: hati za mahakama, ambako Kiswahili kimeongezeka sana tangu sheria ya 2021 ilipokifanya lugha ya mahakama Tanzania, na utalii. Kwenye ratiba za Kilimanjaro kosa sugu ni saa: "kuondoka Moshi saa 12 asubuhi" ikihamishwa na namba yake, mgeni atashuka mapokezi adhuhuri wakati gari liliondoka alfajiri.

Sampuli ninazotuma wakala akiomba ni ukurasa mmoja wa maelezo ya shahidi, majina yamebadilishwa, na ratiba ya siku sita, zote chanzo na tafsiri vikiwa sambamba. Jaribio la bure mwisho maneno 250.

Hati itumwe kwenye Word. Ikija kwa picha ya simu, maneno ya chanzo hayahesabiki kwa kompyuta, hivyo nahesabu Kiingereza kilichotoka, kwa 60.