Dungusi lako linalobonyea shinani

Tabora

Shoga yangu mpenzi,

Habari za Kigoma? Barua yako nimeipata, na naona hilo dungusi lisingoje wiki nyingine.

Libonyeze shinani kwa kidole. Dungusi la siku nyingi huwa la kahawia na gumu kama gome kule chini. Huo ni uzee, usiliguse. Likinywea huku limekaza, lina kiu. Lako ulivyolieleza, linabonyea kama papai lililoiva mno na udongo bado mbichi. Huo ni uozo.

Chanzo ni hiyo ndoo yenye udongo wa mfinyanzi inayonyeshewa mvua. Udongo ukijaa maji, mizizi hukosa hewa na kufa, kisha kuvu hupitia kwenye mizizi iliyokufa na kupanda ndani ya shina. Kuacha kumwagilia sasa hakutoshi, kwa sababu ndani ya shina uozo una maji yake.

Kukata kunaweza kuliokoa, mradi juu bado ni gumu. Chukua kisu chenye makali, ukifute kwa spiriti, ukate sentimita mbili juu ya ulaini unapoishia. Halafu tazama duara la mishipa lililo katikati. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanaona nyama ya pembeni ni ya kijani, wanaridhika. Ukiona hata nukta moja ya kahawia au ya rangi ya chungwa kwenye duara hilo, uozo umeshapita. Futa kisu tena, ukate kipande kingine chembamba. Lako lina sentimita 40. Ukianza kukata kwenye 8 na duara likawa safi kwenye 14, umebakiwa na 26 nzima. Usilionee huruma, maana nukta uliyoiacha itarudi kukuozeshea lote. Nukta zikifika hadi kileleni, litupe pamoja na udongo wake.

Ukishapata pasafi, chonga kingo za mkato kama unavyochonga penseli. Nyama hunywea ikikauka lakini ngozi hainywei sana, kwa hiyo usipochonga, katikati pataingia ndani kama kikombe, na mizizi mipya huchipuka hapo hapo katikati.

Lisimamishe kwenye mtungi mtupu, kivulini penye upepo, wiki mbili au tatu. Kwa unyevu wa huko ziwani huenda likataka zaidi. Mkato ukiwa mkavu na mgumu, liweke juu ya mafungu mawili ya kokoto ndogo na fungu moja la mboji, kwenye chungu chenye tundu. Mchanga laini wa ufukweni usiutumie, unashikamana. Maji usimwage mpaka ulivute taratibu uhisi limeshika.

Nisalimie watoto, na uniandikie duara ulilikuta na rangi gani.

Wako,
Shoga yako wa Tabora