Bei ikipanda huku vyombo vimefungwa, riba peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Kila bei ya mafuta inapopanda, huku Kanda ya Ziwa tunasikia madai mawili yanayopingana. Wapo wanaotaka Benki Kuu ipandishe riba ili bei zitulie, na wapo wanaotaka ishushe riba ili biashara zipumue na vijana wapate kazi. Pande zote mbili zina hoja ya kweli. Shida ni kwamba upo msukosuko wa uchumi ambamo kutuliza bei kunaua kazi, na kuokoa kazi kunachochea bei. Wachumi huuita stagflesheni: bei zinapanda, uzalishaji umedorora na watu hawana kazi, yote kwa wakati mmoja.

Tanzania haiko huko kwa sasa. Mwaka 2024 mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 3 na ushee, ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5, na uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Lakini jambo hili ni rahisi kulielewa wakati wa utulivu, kuliko siku watu wamekasirika na kila mmoja anamtafuta mchawi.

Nitumie hesabu ya mtumbwi mmoja wa dagaa. Bei ni za mfano tu, bali mpangilio wa gharama na mgao ndio ule unaojulikana kwenye mialo yetu. Kwa usiku mmoja chombo kinachoma lita 20 za petroli kwa shilingi 2,800 kila lita, yaani 56,000. Chakula na mengineyo ni 24,000. Jumla ya gharama ni 80,000. Wanarudi na debe 20, kila debe 8,000, wanapata 160,000. Wakishatoa gharama zinabaki 80,000. Tajiri mwenye chombo anachukua nusu, na wavuvi wanne wanagawana nusu ya pili, 10,000 kila mmoja.

Sasa petroli ipande hadi 3,500. Gharama ya usiku inakuwa 94,000. Ili kila mtu abaki na kile alichokuwa akipata, debe lingetakiwa kuuzwa 8,700. Akina mama wanaoanika dagaa hawawezi kulipa kiasi hicho, kwa sababu wateja wao hawajaongezewa kipato hata senti. Tuseme wanakubaliana 8,500, na wananunua debe 18 badala ya 20. Mbili zinakosa mnunuzi. Mapato ni 153,000, yanabaki 59,000, na mvuvi anaondoka na 7,375. Mlaji amelipa zaidi, mvuvi amepata pungufu kwa robo nzima. Tajiri mwenye injini kuukuu inayokunywa mafuta anaona hakuna faida, anafunga chombo. Wavuvi wanne wako nje, na mama wawili watatu waliokuwa wakianika mzigo wake wako nje pia. Sababu moja imepandisha bei na imefuta kazi.

Mwingize hapo mtu wa Benki Kuu. Akipandisha riba, mikopo inakuwa ghali na watu wanapunguza manunuzi. Debe linaweza kurudi 8,000, lakini sasa labda zinauzwa 17 tu. Mapato ni 136,000, gharama bado ni 94,000, na mvuvi anapata 5,250. Bei imetulia kwa sababu vyombo vingine vimefungwa. Petroli yenyewe haijashuka, maana bei yake haipangwi kwa riba ya Dodoma. Njia moja tu inasaidia moja kwa moja: riba ikipanda shilingi inaweza kuimarika, na kwa kuwa petroli tunainunua kwa dola, bei ya pampu ikapungua kidogo. Msaada huo ni wa kweli lakini ni mdogo pale ambapo kilichopanda ni bei ya dunia.

Akishusha riba, wanunuzi wana fedha. Debe linafika 9,200, zote 20 zinakwenda, na mvuvi anapata 11,250. Kwa wiki chache mwalo unachangamka. Lakini muuza unga, fundi wa injini na mwenye nyumba nao wanapandisha. Vitu vikipanda kwa asilimia 15, ile 11,250 inanunua pungufu ya kile ambacho 10,000 ilikuwa inanunua mwanzo. Mvuvi anadai zaidi, tajiri anaongeza bei, na mzunguko unaendelea hata kama petroli imeacha kupanda. Kupanda kwa bei mara moja kumegeuka mfumuko wa kudumu.

Ndiyo maana jambo hili liliwatatiza hata wataalamu wakubwa. Mwaka 1958 mchumi A. W. Phillips alichapisha takwimu za Uingereza za 1861 hadi 1957 zilizoonyesha kwamba mishahara ilipanda haraka wakati watu wasio na kazi walikuwa wachache, na polepole walipokuwa wengi. Watunga sera wengi wakalichukua hilo kama soko la kubadilishana: ukikubali bei zipande kidogo, unapata ajira zaidi. Wachumi Milton Friedman na Edmund Phelps walionya mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba mabadilishano hayo hayadumu, kwa kuwa watu wakishazoea bei kupanda huanza kuiingiza hali hiyo katika kila mkataba wa mshahara na kila bei wanayopanga. Kisha mafuta ghafi yakapanda kutoka dola 3 hivi kwa pipa mwaka 1973 hadi karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Marekani ikajikuta na mfumuko wa asilimia 11 mwaka 1974, na Mei 1975 asilimia 9 ya nguvu kazi haina ajira. Kwa mchoro uliotokana na takwimu za Phillips, hali hiyo haikutakiwa kuwapo. Paul Volcker, mkuu wa benki kuu ya Marekani, aliuvunja mfumuko huo kwa riba iliyogusa asilimia 20, na ukashuka kutoka zaidi ya asilimia 13 mwaka 1980 hadi karibu 3 mwaka 1983. Gharama yake ilikuwa wasio na ajira kuvuka asilimia 10 mwaka 1982.

Hapa kwetu tuliyaona makali zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita vya Kagera vikaanza mwishoni mwa 1978, na mafuta yakapanda tena 1979. Fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vilikosa vipuri na vikafanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 mfumuko ulizunguka asilimia 30. Serikali ilijibu kwa bei elekezi, mgao, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Najua kuna wasomaji ambao hadi leo wanaamini bei hushushwa kwa amri. Irudishe amri hiyo kwenye hesabu yetu: ukilazimisha debe liuzwe 8,000 wakati gharama imepanda hadi 94,000, fungu la tajiri linapungua, na mwenye injini kuukuu hatauza kwa hasara kwa muda mrefu. Atafunga, au mzigo utavushwa ziwa usiku kwenda kwenye bei nyingine. Sabuni, sukari na khanga zilipotea madukani kwa njia hiyo hiyo. Hata baada ya mageuzi ya uchumi ya 1986, mfumuko ulichukua zaidi ya miaka 10 kushuka chini ya asilimia 10.

Ruzuku nayo ina masharti yake. Juni 2022 serikali ilitoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kupunguza bei za mafuta, na ilisaidia. Lakini ruzuku ya pampu inafaa mshtuko mfupi. Mshtuko ukidumu, hazina inaishiwa, na anayejaza gari kubwa amefaidika kuliko mvuvi wa lita 20. Kwa maoni yangu fedha kama hizo zingefanya kazi zaidi kwenye kupunguza lita zenyewe: injini zinazotumia mafuta kidogo, na taa za sola badala ya karabai. Lita zikishuka kutoka 20 hadi 16, petroli ya 3,500 inagharimu 56,000, sawasawa na zamani, bila kumgusa mlaji wala kusubiri riba.

Tutajuaje basi kama tumeingia kwenye stagflesheni au tuna mfumuko wa kawaida? Itazame bei pamoja na kiasi. Bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba ikipanda na malori yanayopakia kwenda Kongo yakaongezeka, wanunuzi ndio wanaovuta bei. Hapo kupandisha riba kuna mantiki kama hali ndiyo hiyo kwa bidhaa nyingi. Bei ikipanda na malori yakapungua, tatizo liko kwenye gharama au upatikanaji, na riba itapunguza malori zaidi.

Takwimu rasmi zinatuonyesha nusu moja vizuri kuliko nyingine. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi, ukiwamo mfumuko wa msingi usiohesabu vyakula visivyosindikwa na nishati. Huo wa msingi ndio wa kufuatilia: ukibaki chini wakati petroli inapanda, ule mzunguko wa kila mtu kupandisha bei yake haujaanza. Ajira ni tofauti. Utafiti mkubwa wa nguvu kazi ulifanyika 2014, kisha 2020/21. Tena kwenye mialo mtu haandikishwi kuwa amepoteza kazi. Anakwenda ziwani usiku 8 badala ya 18, na kwenye utafiti anaonekana ana kazi. Mtunga sera anaona bei kila mwezi na ajira kwa nadra, kwa hiyo haishangazi akishughulikia kile anachokiona.

Gazeti lako linaweza kusaidia hapo. Pamoja na bei za sokoni, chapisheni mambo matatu kila wiki kutoka soko lile lile: magunia ya dagaa yaliyopakiwa, vyombo vilivyotoka mwaloni, na malipo ya siku ya kibarua wa kupakia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, hivyo wiki ya giza ilinganishwe na wiki ya giza ya mwezi uliopita, kamwe isilinganishwe na wiki ya mbalamwezi, la sivyo mtatangaza mdororo kila mwezi ukiandama na kukua. Pia linganisheni na mwezi ule ule wa mwaka uliotangulia, kwa sababu ya misimu. Maafisa uvuvi na viongozi wa mialo wengi tayari wana madaftari yenye hesabu za vyombo na mizigo. Kazi iliyobaki ni kuyaomba.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza